Usahihishaji wa pili bila alama ya kigunduzi

Ni utaratibu wa kumpa msahihishaji mwingine kazi ya mwanafunzi iliyotiliwa shaka na kigunduzi cha maandishi ya akili unde, bila kumwonyesha asilimia ya kigunduzi wala maoni ya msahihishaji wa kwanza. Hoja yake inatokana na jaribio la Amos Tversky na Daniel Kahneman lililochapishwa mwaka 1974. Gurudumu la nambari lilizungushwa mbele ya washiriki, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu liliposimama kwenye 10, makadirio ya kati yalikuwa 25, na liliposimama kwenye 65 yalikuwa 45. Gurudumu halikuhusiana na swali hata kidogo, lakini nambari yake ilivuta makadirio, na asilimia ya kigunduzi inaweza kumvuta msahihishaji vivyo hivyo.

Kuficha asilimia peke yake hakutoshi, kwani insha inayoletwa peke yake tayari imeshatuhumiwa. Hivyo huchanganywa na, tuseme, insha nne zisizo na shaka, na msahihishaji huandika uamuzi na sababu zake kabla ya kuonyeshwa alama. Akizituhumu zile nne pia, tuhuma yake dhidi ya ile ya tano haina uzito. Hata wasahihishaji wawili wakikubaliana, mtindo wa maandishi pekee si ushahidi wa udanganyifu. Rasimu na mahojiano na mwanafunzi bado vinahitajika.