Gesi haikupanda, bei yake ndiyo iliyopanda

Watumiaji wa Ethereum wana msemo mmoja mtandao unapojaa: “gesi imepanda.” Kila mtu huuelewa, lakini ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na moja kati yake halipandi.

La kwanza ni gesi yenyewe. Msikilizaji wa Kiswahili husikia mtungi wa jikoni, ilhali neno hili limetoka kwa Wamarekani, ambao “gesi” kwao ni petroli. Hapo maana hunyooka. Gari likitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hunywa lita zake, na lita hizo haziongezeki kwa sababu kituoni kuna foleni. Gesi ya Ethereum nayo ni kipimo cha kazi: kila hatua ya hesabu ndani ya mkataba mahiri ina kiasi chake kilichopangwa. Kutuma etha kutoka pochi moja hadi nyingine ya kawaida hula gesi 21,000, usiku wa manane au mchana wa vurugu.

La pili ni bei ya kipande kimoja cha gesi, ambayo hutajwa kwa gwei, yaani sehemu moja ya bilioni ya etha. La tatu ni jumla unayolipa, gesi mara bei. Jumla hiyo tumezoea kuiita “ada”, na hapa naona neno linatupotosha. Ada ya shule au ya leseni hupangwa na mwenye mamlaka, ikatangazwa, ikakaa. Hii ya Ethereum inaweza kubadilika kila baada ya sekunde 12, kila bloku mpya inapoingia. Ina tabia ya bei.

Bei hiyo hupanda kwa kuwa nafasi ndani ya bloku ina ukomo. Kila kompyuta inayohakiki mtandao hurudia yenyewe kazi yote iliyomo ndani ya bloku, na lazima iimalize kwa wakati. Ukomo ukipandishwa ovyo, mashine ndogo zitaachwa nyuma na uhakiki utabaki kwa wachache wenye mashine kubwa. Kwa hiyo ukomo huongezwa kwa tahadhari: kwa muda mrefu ulikuwa gesi milioni 30, na Februari 2025 ukafika milioni 36.

Hadi Agosti 2021 nafasi hiyo iligombewa kwa mnada: kila mtu alitaja dau lake akibahatisha wenzake wametaja ngapi. Tarehe 5 mwezi huo, mabadiliko yaitwayo London yakaleta bei ya msingi, inayokokotolewa na mtandao wenyewe. Shabaha ni bloku iliyojaa nusu. Ikijaa nusu kamili, bei haisogei. Ikijaa pomoni, bei ya bloku inayofuata hupanda kwa sehemu moja ya nane. Ikiwa tupu, hushuka kwa kiasi hicho hicho.

Sehemu ya nane inaonekana ndogo, lakini hujilimbikiza. Chukua bei ya msingi ya gwei 20: kutuma etha hugharimu gwei 420,000, yaani etha 0.00042. Bloku kumi zikijaa mfululizo, dakika mbili tu, bei hufika takriban gwei 65. Zikijaa ishirini, hupita 210, na kazi ile ile ya gesi 21,000 sasa hugharimu zaidi ya etha 0.0044. Kazi haijaongezeka hata chembe. Anayetaka kuthibitisha afungue bloku zinazofuatana na kulinganisha `gasUsed` na `baseFeePerGas`: ataona namba ya pili ikiifuata ya kwanza kwa hatua moja nyuma.

Bei ya msingi haimwendei mtu, huteketezwa. Anayeandaa bloku hupata nyongeza ndogo juu yake, ambayo mimi ningeiita bakshishi bila kusita, maana ndivyo ilivyo: unampa ili akuhudumie mapema.

Mfano wa bei kulipuka ni usiku wa kuamkia Mei 1, 2022, pale kampuni ya Yuga Labs ilipouza hati 55,000 za viwanja vya Otherside, ulimwengu wa kidijitali. Wanunuzi waliingia kwa pamoja, na bei ya gesi ikavuka gwei elfu kadhaa. Kilichouma zaidi ni miamala iliyoshindwa. Hati zikishakwisha, mkataba hukataa ombi lako, lakini kompyuta zimeshafanya kazi ya kulisoma na kulikataa, na kazi hiyo imekula gesi. Wengi walilipa na kuondoka bila kiwanja.

Kinga iliyopo ni `maxFeePerGas`, kikomo cha bei unachokiweka kwenye pochi. Ukiweka gwei 60 na bei ya msingi ikafika 65, muamala wako hauingii kwenye bloku wala haukatwi kitu. Hungoja bei ishuke, na unaweza kungoja sana. Kikomo hiki hakikukingi na muamala kushindwa: bei ikiwa chini ya 60 lakini hati zimekwisha, utaingia, utakataliwa, na utalipa.