Kovu Lililofika Utange

Sisi wa Kisauni, Utange kwetu ni steji tu ya matatu. Lakini vita vilipoichana Somalia mwaka 1991, hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi, na wengi wa kina mama waliofika walikuwa wamekeketwa aina ya tatu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ya kwanza hukata kinembe, ya pili hukata pia mashavu ya ndani, ya tatu huyaunganisha mashavu mpaka kovu lizibe mlango. Madhara mengine huingia ya nne.

Kovu halinyumbuki. Kichwa cha mtoto kikilifikia, ama kinakwama, ama nyama inachanika ovyo na damu inamwagika. Kwa hiyo mkunga hulifungua. Anamweleza mama, anangoja akubali, anamdunga ganzi, anapenyeza kidole chini ya kovu kumkinga mtoto, kisha anakata kuelekea juu hadi tundu la mkojo lionekane. Baadaye kila ukingo hushonwa peke yake. Kuziunganisha tena ni kumkeketa upya.

Na heshima? Ni kumuuliza mapema kliniki, faraghani, kwa mkalimani asiye jamaa yake. Si kuwaita wenzako waje kuchungulia. Mama akiogopa macho hayo, atazalia nyumbani, pasipo wa kulifungua kovu.