Hali ya usiku (sauti)

Hali ya usiku ni mpangilio wa televisheni, kicheza diski, king'amuzi au amplifaya unaopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo za filamu. Lengo lake ni kumwezesha mtazamaji kusikia mazungumzo vizuri bila milipuko, risasi na muziki mzito kuwaamsha waliolala. Kwenye menyu za vifaa mpangilio huu huandikwa `Night Mode`, `Midnight`, `DRC` au `Dynamic Range`.

Kazi hiyo hufanywa kwa mbano wa ukubwa wa sauti. Mbano huu ni tofauti na ule wa faili, kama vile MP3, ambao hupunguza nafasi inayotumika kuhifadhi sauti. Hapa kinachobanwa ni umbali kati ya mnong'ono na kishindo.

Chanzo cha tatizo

Sauti ya filamu hutengenezwa kwanza kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Katika ukumbi uliopimwa kwa kiwango cha kawaida, kila spika ya mbele hurekebishwa ili sauti ya majaribio ifike desibeli 85 mahali pa watazamaji, na vilele vya spika hiyo huweza kufika desibeli 105. Ukumbi huo una kuta nene na hakuna anayelala jirani.

Nyumbani, mazungumzo ya desibeli 55 hivi hutosha usiku. Lakini mlipuko uliowekwa desibeli 25 juu ya mazungumzo utafika 80. Mtazamaji hupunguza sauti kwa rimoti, kisha hasikii maneno, akaipandisha tena, na mlipuko unaofuata humkuta kabla hajapunguza. Rimoti haiwezi kuondoa tatizo hili kwa sababu hupandisha na kushusha kila kitu kwa pamoja.

Namna inavyofanya kazi

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Dolby Digital, mfumo uitwao pia AC-3, ambao ulianza kutumika katika sinema mwaka 1992 na baadaye ukaenea kwenye DVD na televisheni. Katika mfumo huu, kifaa cha nyumbani hakikisii ni sauti ipi ya kupunguza. Hesabu hufanywa wakati filamu inapoandaliwa, na maagizo ya kupunguza au kuongeza husafiri pamoja na sauti yenyewe. Kila agizo huhusu kipande kifupi cha sampuli 256, yaani milisekunde 5 hivi. Kifaa huamua tu kama kitayatii maagizo hayo au kitayapuuza. Sauti ya asili haiharibiki, hivyo anayetazama mchana anaweza kuisikia yote.

Hesabu huanzia kwenye namba iitwayo `dialnorm`, inayoeleza mazungumzo ya filamu yako kwenye kiwango gani. Sauti zilizo karibu na kiwango hicho huachwa kama zilivyo. Zilizo juu yake hupunguzwa, na zilizo chini yake huongezwa kidogo.

Mfano wa hesabu

Mpangilio uitwao `Film Standard` hufuata kanuni hizi, zikipimwa kutoka kiwango cha mazungumzo:

* Desibeli 5 za kwanza juu ya mazungumzo haziguswi.
* Desibeli 10 zinazofuata hupunguzwa kuwa nusu.
* Juu ya hapo, kila desibeli 20 zinazoingia hutoka kama 1.
* Chini ya mazungumzo, upungufu hufanywa nusu, lakini nyongeza haizidi desibeli 6.

Chukua sebule ambamo mazungumzo yanasikika kwa desibeli 55. Mlipuko wa desibeli 80 umezidi mazungumzo kwa 25. Katika hizo, 5 za kwanza hubaki 5, 10 zinazofuata huwa 5, na 10 za mwisho huwa nusu desibeli. Jumla ni 10.5, kwa hiyo mlipuko hutoka ukiwa na desibeli 65.5. Mnong'ono wa desibeli 43, ulio 12 chini ya mazungumzo, huongezwa 6 na kufika 49. Mazungumzo ya kawaida hubaki 55.

Kabla ya mbano, umbali kati ya mnong'ono na mlipuko ulikuwa desibeli 37. Baada yake ni 16.5. Mlipuko bado unasikika kuwa mkubwa kuliko maneno, lakini hauruki tena ghafla.

Filamu zisizo na maagizo

Sauti nyingi za mtandaoni au za faili hazina maagizo ya aina hii. Hapo kifaa au programu hulazimika kupima sauti papo hapo. Katika programu ya mpv inawezekana kutumia kichujio cha FFmpeg:

```
mpv --af="lavfi=[acompressor=threshold=-27dB:ratio=4:attack=10:release=400]" filamu.mkv
```

Katika vipimo vya kidijitali, 0 ndicho kiwango cha juu kabisa, na namba hasi huonyesha sauti iko chini yake kiasi gani. Netflix, kwa mfano, hutaka mazungumzo yawekwe karibu na -27. Agizo hili huanza kubana juu ya kiwango hicho, na kila desibeli 4 za ziada hutoka kama 1. Namba mbili za mwisho ni milisekunde: mbano huchukua takriban 10 kushika na 400 kuachia.

Muda wa kuachia ukiwa mfupi mno, sauti ya mvua au ya magari nyuma ya waigizaji husikika ikipanda na kushuka kama mtu anayehema. Muda wa kushika ukiwa mrefu, risasi hupita kabla haijapunguzwa.

Mipaka na hitilafu

Mbano hupunguza sauti yote ya wakati huo kwa pamoja. Mwigizaji akisema neno katikati ya mlipuko, neno hilo nalo hushuka. Katika sauti ya spika 5.1, mazungumzo mengi hutoka spika ya katikati, hivyo kuipandisha spika hiyo kwa desibeli 3 au 4 husaidia mahali ambapo mbano hauwezi.

Besi nzito hupenya kuta na sakafu kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Chumba cha jirani kinaweza kusikia mngurumo hata kama sebuleni mlipuko umeshatulia. Dawa yake ni kupunguza au kuzima spika ya besi.

Namba ya `dialnorm` ikiandikwa kimakosa, hesabu yote huharibika. Ikidai kuwa mazungumzo yako chini kuliko yalivyo, mfumo huyachukulia maneno ya kawaida kama kelele na kuyapunguza. Dalili yake ni sauti ya waigizaji kushuka kila wanapoanza kuzungumza na mandhari kupanda wanaponyamaza.

Hitilafu nyingine ni mpangilio kuwashwa bila mabadiliko yoyote kusikika. Mara nyingi kicheza filamu au televisheni huwa inapitisha Dolby Digital bila kuifungua, ili ifunguliwe na amplifaya. Katika hali hiyo hali ya usiku huwashwa kwenye amplifaya, kwa kuwa ndiyo inayosoma maagizo. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kurudia tukio moja lenye mazungumzo na mlipuko, mara ya kwanza mpangilio ukiwa umezimwa na mara ya pili ukiwa umewashwa, bila kugusa rimoti ya sauti.