Ibn Sirin Aliuliza Nini Kabla ya Kufasiri Ndoto

Msimu wa harusi ukikaribia, ndoto huwa nyingi. Huyu kaota pete imevunjika, yule kaota anavishwa nguo nyeusi, na kabla ya chai ya asubuhi keshafungua kitabu cha tafsiri ya ndoto cha "Ibn Sirin" na roho inamdunda. Tuanze na hicho kitabu. Muhammad bin Sirin alikuwa mtu wa Basra, mfanyabiashara wa nguo na mpokezi wa hadithi, aliyefariki mwaka 110 Hijria (729). Vitabu vinavyouzwa leo kwa jina lake vilikusanywa na watu wengine, karne nyingi baada yake. Ndani yake kila kitu kina maana yake, kama orodha ya bei dukani. Mwenyewe hakufanya kazi namna hiyo.

Wanaomsimulia wanasema alikuwa akikaa na mwenye ndoto sehemu kubwa ya mchana akimuuliza: hali yako ikoje, kazi yako ni nini, watu wako ni nani, unaishi kwa riziki gani? Ndoto ilisubiri. Na walioulizia walikuwa wengi kuliko waliojibiwa. Wengi aliwaambia tu wamche Mungu wakiwa macho, na walichokiona usingizini hakitawadhuru. Alipojibu, alikiri kuwa anajibu kwa dhana, na dhana hupata na hukosa.

Kisa chake kinachojulikana zaidi kinaonyesha kwa nini maswali yalitangulia. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja alimwendea akasema: nimeota naadhini. Ndoto yote ni hiyo, neno moja tu. Ibn Sirin akamwambia atakwenda Hija. Akaja wa pili na ndoto ile ile, naye akaambiwa mkono wake utakatwa kwa wizi. Waliokuwepo wakashangaa, ndoto moja majibu mawili? Akaeleza kuwa kwa yule wa kwanza aliona alama za wema, akakumbuka Sura ya Hajj, aya ya 27, Nabii Ibrahim alipoamrishwa kuwatangazia watu Hija. Kwa wa pili hakuridhika na alichokiona, akakumbuka Sura ya Yusuf, aya ya 70, mnadi alipoutangazia msafara kuwa wao ni wezi. Neno la Kiarabu la kunadi na la adhana ni ndugu, kwa hiyo ndoto ilifungua milango yote miwili. Aliyeamua mlango upi ni mtu mwenyewe, si ndoto.

Hapo ndipo pa kuogopa, kwa maoni yetu. Ndoto ikiwa fupi, ina kidogo cha kumzuia mfasiri, na kila kinachopungua anakijaza yeye kwa anachokidhania kuhusu wewe. Shangazi asiyempenda mchumba wako atakijaza na chuki yake, wala hatajua kama kafanya hivyo.

Hata walio bora kuliko sisi sote walikosea. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu aliota wingu linadondosha samli na asali, watu wakikinga kwa viganja, huyu kwa wingi na yule kidogo, na kamba imeshuka kutoka mbinguni. Abubakar (R.A.) akaomba aifasiri yeye, akasema wingu ni Uislamu, na samli na asali ni Qur'ani na utamu wake. Kisha akauliza kama amepatia. Mtume (S.A.W.) akamjibu kuwa kapatia baadhi na kakosea baadhi, na alipoapishwa aonyeshe kosa, hakulitaja. Na ile ilikuwa ndoto ndefu, yenye mengi ya kushika!

Sasa tuseme bi harusi mtarajiwa, wiki mbili kabla ya nikaha, kaota jino limeng'oka. Vitabu vitamwambia meno ni jamaa, basi kuna atakayekufa. Sisi tungemuuliza kwanza: jino linakuuma ukiwa macho? Liliangukia mkononi au lilipotea? Maana hata vitabu hivyo vinatofautisha. Uliamka na hofu au umetulia? Jana ulilala unawaza nini, na nani kagombana na nani juu ya mahari? Hadithi aliyoipokea Ibn Sirin mwenyewe kutoka kwa Abu Huraira inagawa ndoto mafungu matatu: bishara kutoka kwa Allah, huzuni inayoletwa na shetani, na yale ambayo mtu anaisemesha nafsi yake. Akijibu kuwa gego linamsumbua tangu Ramadhani na daktari wa meno anamkwepa, tunajua fungu la kuanzia. Akijibu hapana kwa yote, basi tunamwambia hatujui, na posa isivunjwe kwa sababu ya jino.