Fomu ya ridhaa ya upasuaji wa kujifungua: Mama anakubali nini anapotia saini?

Mama mjamzito anapoambiwa atajifungua kwa oparesheni, huletewa fomu ya ridhaa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wengi hutia saini bila kuisoma. Hivi ndivyo inavyosema.

Sababu na ganzi

Sehemu ya kwanza inataja sababu ya oparesheni, mfano mtoto amechoka au amekaa vibaya. Kisha huja ganzi. Mara nyingi ni sindano ya mgongoni: mama yuko macho, anahisi kuvutwavutwa lakini si maumivu. Ganzi hiyo inaweza kushusha presha, na baadaye kuleta maumivu ya kichwa.

Hatari

Fomu hutaja kutokwa damu nyingi, maambukizi ya kidonda, kuganda kwa damu miguuni na kuumia kwa kibofu cha mkojo. Pia kovu kwenye mfuko wa uzazi linaweza kuachia katika mimba ijayo, hivyo mama atatakiwa kujifungulia hospitali.

"Na huduma nyingine itakayohitajika"

Hapa ndipo pa kusimama na kuuliza. Maneno hayo yanahusu kuongezewa damu na, damu ikikataa kukata, kuondolewa mfuko wa uzazi ili kuokoa maisha.

Chukua mfano wa mama aliyewahi kupasuliwa, na safari hii kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi. Kondo linaweza kuwa limejishika kwenye kovu la zamani na kugoma kutoka. Kwa wengine kuondolewa kizazi ni nadra, ila kwake ni jambo linaloweza kutokea kweli. Basi anapaswa kuuliza mapema: damu ya kundi lake ipo tayari? Daktari mzoefu atakuwepo?

Kuondoa kizazi si kufunga kizazi

Kuondoa kizazi ni hatua ya dharura. Kufunga kizazi ni kuziba mirija kwa hiari ili mama asizae tena. Hilo linahitaji ridhaa yake pekee, iliyojadiliwa kliniki mapema, si akiwa kwenye uchungu.

Nani anatia saini?

Ni mama mwenyewe, akiwa mtu mzima na ana fahamu zake. Kushauriana na mume ni jambo jema, ila saini ya mume haichukui nafasi ya mama. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu aeleze matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama na haki ya kukataa, kwa lugha anayoielewa mgonjwa.

Mama akikataa, aelezwe madhara yake kwake na kwa mtoto. Akishasaini bado anaweza kubadili uamuzi kabla ya oparesheni kuanza. Kama hajaelewa mstari fulani, amwambie daktari au mkunga: "Naomba unieleze hapa tena."