Unaomba viza? Hivi ndivyo unavyoomba barua ya kuthibitisha ajira kutoka kwa mwajiri

Wengi wanatuma ujumbe mfupi tu kwa ofisi ya rasilimali watu: "Naomba barua ya kuthibitisha kuwa nafanya kazi hapa." Siku mbili baadaye wanapata barua ya mistari mitatu, sahihi kabisa, lakini haisaidii kitu ubalozini. Tatizo linaanzia kwenye ombi. Anayeandaa barua hajui inakwenda wapi, kwa hiyo anaandika ile ya kawaida.

Tuchukue mfano wa mhasibu msaidizi wa Dar es Salaam anayekwenda Ujerumani kwenye harusi ya dada yake, kuanzia tarehe 10 hadi 24 Agosti. Ana miadi ya viza ya Schengen tarehe 6 Julai.

Taja kazi ya barua

Afisa wa viza anatafuta jibu la swali moja: je, mtu huyu ana sababu ya kurudi nyumbani? Barua inayosema "ni mfanyakazi wetu" haijibu swali hilo. Inayosema ana mkataba wa kudumu, amepewa likizo ya tarehe hizo na anatarajiwa kazini tarehe 25 Agosti, inajibu.

Barua ya mkopo wa benki ni kitu kingine. Benki haina haja na likizo yako. Inataka mshahara, aina ya mkataba na tarehe unapoisha. Ndiyo maana barua ya mwaka jana ya mkopo usiipeleke ubalozini.

Hesabu siku kurudi nyuma

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45. Kwa hiyo mhasibu wetu asisubiri Julai. Anaomba barua tarehe 15 Juni na kutaja mwisho kuwa 29 Juni. Hapo anabakiwa na wiki nzima ya kurekebisha ikiwa kuna kosa.

Likizo iidhinishwe kwanza. Ofisi haiwezi kuthibitisha likizo ambayo bosi wako hajaisaini.

Andika kila unachotaka kionekane

Ujumbe wake kwa baruapepe unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi. Naomba barua ya kuthibitisha ajira kwa ajili ya maombi ya viza ya Ujerumani. Miadi yangu ni 6 Julai, hivyo naomba kuipata kabla ya 29 Juni. Naomba iandikwe kwa Kiingereza, ielekezwe ubalozini, na ioneshe: jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo, tarehe niliyoanza kazi, aina ya mkataba, mshahara wa mwezi kabla na baada ya makato, likizo ya 10 hadi 24 Agosti, na tarehe ya kurudi kazini, 25 Agosti. Naridhia mshahara wangu utajwe. Nimeambatanisha nakala ya pasipoti na fomu ya likizo iliyosainiwa. Asante."

Sentensi ya kuridhia ina kazi yake. Mshahara ni taarifa binafsi, na ofisi nyingi huuacha nje mpaka mwenyewe aseme.

Kagua kabla ya kuondoka nayo

Anza na mshahara. Kama barua inasema 1,400,000 na taarifa ya benki inaonesha inaingia 1,054,000, afisa ataona namba mbili zisizolingana. Tofauti ni kodi ya mapato na michango ya NSSF, lakini yeye hajui hilo mpaka barua itaje kiasi chote viwili.

Kisha jina. Kama kazini unaandikwa majina mawili na pasipoti ina matatu, fuata pasipoti. Mwisho, angalia tarehe, muhuri, na jina, cheo na simu ya aliyesaini. Ubalozi unaweza kupiga simu, na namba isiyopokelewa inaweza kuiponza barua nzuri.

Usichoweza kudai

Ofisi inathibitisha kilichomo kwenye faili lako tu. Haiwezi kukupandisha cheo, kuongeza mshahara, wala kudhamini kwamba utarudi. Kama mkataba wako unaisha Septemba, barua itasema Septemba.

Pia usichanganye barua hii na cheti cha utumishi. Hicho sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Ukiomba "cheti cha utumishi" ukiwa bado kazini, watakuuliza kama unaacha kazi.