Speedy iliyotumika: jinsi ya kutambua mkoba halisi na wa kuigiza

Speedy ni mkoba wa mkononi wa nyumba ya Louis Vuitton ya Paris, uliobuniwa katika miaka ya 1930 kama ndugu mdogo wa begi la safari la Keepall. Umbo lake ni la pipa lililolazwa, lenye zipu moja juu na vishikio viwili vya ngozi. Ukubwa wake hutajwa kwa namba 25, 30, 35 au 40, ambazo ni urefu wa mkoba kwa sentimita. Mkoba huu hudumu miaka mingi, kwa hiyo hupita mikononi mwa watu wengi, na kwa kuwa unajulikana na kila mtu, ni miongoni mwa mikoba inayoigwa sana duniani. Anayeununua ukiwa umeshatumika, awe anataka kuubeba au kuuuza tena, analipia jina. Jina likiwa la uongo, kilichobaki ni plastiki tu.

Wizi wa jina hilo haukuanza jana. Mwaka 1888 nyumba hiyo ilitoa kitambaa cha miraba kiitwacho Damier, kikiwa kimeandikwa ndani ya miraba yake kwamba alama hiyo imesajiliwa, kwa sababu waigaji walikuwa wamekwisha kuvamia vitambaa vya awali. Haikutosha. Mwaka 1896 Georges Vuitton, mwana wa mwanzilishi, akabuni Monogram, yaani herufi L na V zilizopishana zikizungukwa na maua, akitumaini kwamba mchoro mgumu kiasi hicho ungewashinda. Haukuwashinda. Leo mchoro ule ule ndio unaochapwa kwenye mikoba ya kuigiza katika masoko ya kila bara.

Wengi hukosea pale wanapotafuta alama moja ya kumaliza ubishi. Alama ya namna hiyo haipo, maana kila kitu kinachoonekana kinaweza kunakiliwa. Kilicho kigumu kunakili ni mapatano. Katika mkoba halisi turubai, ngozi, uzi, mhuri na maelezo ya muuzaji husimulia habari moja, na mkaguzi hufanya kazi ya hakimu anayehoji mashahidi mmoja mmoja kisha kulinganisha walichosema.

Shahidi wa kwanza ni turubai. Speedy ya Monogram haikushonwa kwa ngozi, ila kwa kitambaa cha pamba kilichofunikwa tabaka la plastiki laini, kwa hiyo muuzaji anayesifu “ngozi tupu mwili mzima” ama haujui mkoba wake ama anadanganya. Katika Speedy ya kawaida, kipande kimoja cha turubai hushuka upande wa mbele, hupita chini na kupanda nyuma bila mshono wa kitako. Matokeo yake ni kwamba herufi L na V zikisimama wima upande mmoja, upande wa pili huwa kichwa chini. Wanunuzi wageni huliona hilo kama kosa la fundi na kuukimbia mkoba halisi, huku waigaji wasiojua siri hiyo wakishona vipande viwili ili nembo isimame pande zote. Mchoro pia hupangwa kwa ulinganifu: ua lililokatwa nusu kwenye ukingo wa kushoto hukatwa mahali pale pale kwenye ukingo wa kulia.

Ngozi ya vishikio ina mengi zaidi ya kusema. Hutumika ngozi ya ng’ombe ambayo haikupakwa rangi wala kufunikwa, na inapotoka dukani huwa nyeupe ya maziwa yenye wekundu wa mbali. Mwanga na mafuta ya viganja huigeuza taratibu kuwa rangi ya asali, kisha ya kahawia. Mabadiliko hayo hayaji sawasawa. Mahali panaposhikwa huwa pameiva zaidi, na upande wa ndani wa kikonyo kinachoshikilia kishikio, usiofikiwa na mwanga, hubaki umepauka kwa miaka. Mwigaji anayetaka mkoba uonekane wa zamani huipaka ngozi rangi ya kahawia ya aina moja mpaka kwenye mikunjo, au hutumia ngozi ya bandia isiyobadilika hata ikiachwa juani. Kingo za vishikio hupakwa rangi nyekundu iliyokolea kuelekea zambarau. Zikiwa na wekundu wa machungwa unaong’aa, kuna sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Hapa inafaa kutahadharisha. Mkoba wa miaka 20 wenye vishikio vyeupe si lazima uwe feki, kwa sababu ngozi zilizochakaa huweza kubadilishwa kwa ukarabati. Swali la haki kwa muuzaji ni nani aliyebadilisha, lini, na risiti ya kazi hiyo iko wapi.

Kwenye mshono, jicho liende moja kwa moja kwenye vikonyo vinne vinavyoshikilia vishikio. Uzi ni wa manjano ya haradali, uliotiwa nta, na kila pito hulala kwa mshazari kidogo. Ukingo wa juu wa kila kikonyo huwa na mapito matano. Hesabu hiyo mwigaji makini anaijua. Kinachomponza ni kuirudia mara nne bila kuteleza: kikonyo kimoja kitakuwa na mapito matano yaliyopangika, cha pili kitakuwa na sita, cha tatu kitakuwa na mapito yaliyorundikana pembeni. Mkaguzi hupiga picha za vikonyo vyote vinne kwa umbali mmoja na kuziweka pamoja.

Lebo ndiyo inayohitaji subira. Mkoba huwa na mhuri wa jina na nchi uliogandamizwa kwenye ngozi. Katika jina hilo O ni duara kamili, si yai, mguu wa L ni mfupi, na zile T mbili karibu zigusane. Ndani, mara nyingi kwenye kijipande cha ngozi kilichojificha, kuna msimbo wa tarehe. Misimbo hii ilianza mapema katika miaka ya 1980, kwa hiyo mkoba wa kabla ya hapo kuikosa si hoja. Kuanzia 1990 ikawa herufi mbili za kiwanda na tarakimu nne. Mpaka 2006, tarakimu ya kwanza na ya tatu zilitaja mwezi, ya pili na ya nne mwaka. Kuanzia 2007 mwezi ukabadilishwa kuwa wiki. Machi 2021 nyumba hiyo ikaanza kutumia chipu ndogo iliyofichwa ndani ya mkoba badala ya msimbo.

Tuchukue mfano. Muuzaji analeta Speedy 30 ya Monogram yenye msimbo CA1142 na kusema aliinunua mpya Paris mwaka 2010. Tarakimu ya kwanza na ya tatu zinatoa 14, ya pili na ya nne zinatoa 12: wiki ya 14 ya mwaka 2012. Mkoba hauwezi kununuliwa miaka miwili kabla ya kushonwa. Huenda muuzaji amesahau tu mwaka, kwa hiyo hukumu bado. Mkaguzi anageukia herufi. CA ni kiwanda cha Hispania. Mhuri ukitaja Hispania, mambo yanapatana, na kununuliwa Paris si tatizo, kwani mikoba ya Hispania huuzwa Paris kama kwingine. Mhuri ukitaja Ufaransa, mashahidi wawili walio ndani ya mkoba mmoja wamepingana, na kusahau kwa muuzaji hakuwezi kueleza hilo. Msimbo ungekuwa CA6142 hata kuhoji kusingehitajika, maana hakuna mwaka wenye wiki 64.

Sasa muuzaji anatoa risiti ili kujiokoa. Ina namba ya bidhaa N41531. Speedy 30 ya Monogram ya miaka hiyo ilikuwa M41526. Namba aliyoleta ni ya Speedy 30 ya Damier, ile ya miraba. Risiti inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila ni ya mkoba mwingine. Akiongeza kadi inayothibitisha kwamba mkoba ni halisi, amejiharibia, kwa sababu Louis Vuitton haitoi kadi kama hiyo. Akisema aliupata kwa bei ya punguzo la mwisho wa msimu, nyumba hiyo haina desturi ya punguzo. Kufuli na funguo navyo visimpumbaze mtu. Namba zake zinapaswa kufanana, lakini makufuli mengi yana namba moja, kwa hiyo zikifanana hazithibitishi chochote kuhusu mkoba.

Historia ya muuzaji ni shahidi anayejitegemea. Mtu anayeuza mkoba wake mwenyewe kwa kawaida ana mmoja, wenye doa la kalamu ndani na hadithi ya sherehe fulani. Mwenye Speedy saba za ukubwa mmoja, zote mpya na vyuma vikiwa bado vimefunikwa plastiki, anapata mzigo mahali. Sifa alizopewa na wateja zisomwe moja moja: wapo wanaojenga jina kwa kuuza vifuniko vya simu na hereni, kisha siku moja wanaweka mkoba wa bei kubwa. Picha zinaweza kuwa za mtu mwingine, hivyo mnunuzi anaomba mpya yenye karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo kando ya msimbo. Mwenye mkoba huipiga kwa dakika tano. Asiyekuwa nao huanza kulalamika kwamba haaminiwi.

Katika masoko ya mitumba kama Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, hoja inayosikika ni kwamba mkoba umetoka kwenye robota la Ulaya. Huenda ni kweli. Lakini aliyeutoa Ulaya naye angeweza kuwa ameununua feki, na robota halitofautishi halisi na feki.

Uchunguzi wa macho una mpaka wake, na hata wanaoufanya kwa kazi huteleza. Mwaka 2022 kampuni ya Nike ilieleza mahakamani Marekani kwamba ilinunua jozi nne za raba bandia kupitia soko la StockX, zote zikiwa zimepita ukaguzi wa soko hilo. Kibandiko cha ukaguzi ni maoni ya mtu, na thamani yake inategemea kama kuna anayerudisha fedha maoni yakikosea.

Kwa anayeuza tena, kosa lina uzito wa kisheria. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka inayoisimamia. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Na hatari huja pia kutoka upande wa pili: mteja ananunua mkoba halisi, kisha anarudisha wa kuigiza akidai ndio aliouziwa. Wauzaji wazoefu hupiga picha za msimbo, mhuri na vikonyo vinne kabla ya kukabidhi, pamoja na mkwaruzo mmoja wa kitako ambao mkoba mwingine hauwezi kuwa nao mahali pale pale.